Wasifu ulioandikwa na akili mnemba haufanani na mwenyewe: dalili, chanzo na namna ya kuurekebisha

Rasimu ifuatayo ililetwa kwenye steshenari tunayofanyia kazi, Kariakoo, ili ichapwe katika kijitabu cha mafunzo ya siku mbili ya kikundi cha akina mama washonaji. Aliyeileta ni katibu wa kikundi, na aliipata kwa kuandika mstari mmoja kwenye programu ya akili mnemba iliyomo katika simu yake. Jina la mhusika nimelificha kwa kumwita Fulani. Mengine yote yako kama yalivyofika.

"Bw. Fulani ni fundi mahiri mwenye shauku kubwa ya kuwawezesha washonaji nchini Tanzania. Akiwa na uzoefu wa zaidi ya miaka ishirini katika sekta ya ushonaji, amejijengea sifa kama mtaalamu anayeaminika, mbunifu na mwenye kujali wateja. Safari yake ilianza mara baada ya kuhitimu mafunzo ya ufundi VETA, na tangu wakati huo ameleta mabadiliko chanya katika maisha ya mamia ya wanawake. Fulani si tu fundi, bali pia ni mshauri na chachu ya maendeleo katika jamii yake. Ameoa na ana watoto watatu. Anapokuwa hafanyi kazi, anafurahia kutumia muda wake na familia na kusoma vitabu."

Katibu aliomba tuipunguze tu ili iingie katika nusu ukurasa. Nilimwambia kwamba tukiipunguza tutabaki na rasimu fupi yenye makosa yale yale, na kwa kuwa wasifu wa namna hii sasa unatufikia karibu kila wiki, naeleza hapa namna tunavyoupima na kuurekebisha, kwa kuufuata huu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Dalili ya kwanza: mhusika akisoma anasema "huyu si mimi", na anamaanisha hivyo

Watu wengi huanza kurekebisha maneno. Mimi naanza na ukweli, kwa sababu sentensi mbaya humchosha msomaji tu, ilhali habari ya uongo humwaibisha mhusika mbele ya watu wanaomfahamu. Nilichukua kalamu nikapigia mstari kila jambo linaloweza kuulizwa "umejuaje?", kisha nikampigia simu katibu anisomee mstari alioiandikia programu. Ulikuwa hivi: "Niandikie wasifu wa Fulani, fundi cherehani Kariakoo, miaka ishirini, atafundisha akina mama."

Msomaji wa Kiswahili ameshaona tatizo lilipoanzia. Fundi cherehani, katika mazungumzo ya kawaida, ni mtu anayeshona nguo. Fulani hashoni, yeye hutengeneza cherehani zenyewe zinapoharibika. Katibu alijua alichomaanisha kwa kuwa anamfahamu mtu, lakini programu haimfahamu, hivyo ikachukua maana iliyozoeleka na kumpeleka moja kwa moja katika "sekta ya ushonaji". Tungechapa hivyo, akina mama thelathini wangekuja na vitambaa badala ya kuja na cherehani zao.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo linatokana na namna Kiswahili kilivyo. Kiwakilishi chetu hakionyeshi jinsia: "yeye", "alikwenda", "mtoto wake", vyote vinamfaa mwanamume na mwanamke. Mstari wa katibu haukusema kama Fulani ni mwanamume au mwanamke, basi programu ikakisia kwa kufuata kazi, na kwa kuwa maandishi mengi huwataja mafundi kama wanaume, ikaandika "Bw." Kisha ikaenda mbali zaidi na kuandika "ameoa". Fulani ni mama wa makamo. Mahali pa kukagua jinsia katika wasifu wa Kiswahili, basi, ni pachache lakini panauma: Bwana na Bibi, kuoa na kuolewa, baba na mama, shangazi na mjomba. Zipitie hizo nafasi kwa macho mawili, maana sehemu nyingine yote ya sentensi itakaa kimya bila kukushtua.

Yaliyobaki ni yale ambayo programu iliyaongeza yenyewe: VETA, mamia ya wanawake, watoto watatu, kusoma vitabu. Hakuna aliyeitaka iseme hayo. Chanzo chake ni jinsi programu hizi zinavyofanya kazi: huunda maandishi kwa kuendelea na neno linaloelekea kufuata, kwa kuiga wasifu nyingi zilizoandikwa kabla, na katika wasifu nyingi baada ya kazi hufuata elimu, baada ya elimu hufuata mafanikio, na mwishoni huja familia na burudani. Nafasi ikiwapo na habari haipo, nafasi hujazwa. Kwa hiyo usiulize kama jambo linaonekana la kweli, kwa maana litaonekana hivyo daima. Uliza kama lilikuwamo katika maelekezo au kama mhusika amelisema. Lisilo na mojawapo ya hayo mawili linafutwa, hata kama ni zuri.

Neno "zaidi ya" kabla ya idadi ni alama ninayoiamini sana. Katibu aliandika "miaka ishirini". Programu ikaandika "zaidi ya miaka ishirini", kwa sababu ndivyo wasifu huandikwa. Tukabaki na madai ambayo hayakuwa ya mtu yeyote.

Dalili ya pili: wasifu unamfaa mtu yeyote

Baada ya kufuta ya uongo, tulibaki na sentensi mbili na nusu, na hizo nazo zilikuwa tupu. Kipimo chake ni rahisi. Toa jina, weka jina la mtu mwingine wa kazi tofauti kabisa, kisha soma tena. Niliweka muuza samaki wa Feri mahali pa Fulani: "mtaalamu anayeaminika, mbunifu na mwenye kujali wateja". Ilikaa vizuri. Nikaweka daktari wa meno, ikakaa vizuri pia. Sentensi inayomkubali kila mtu haimtambulishi yeyote.

Hapa ndipo wengi hupoteza muda, kwa kuwa huirudishia programu rasimu ile ile na kuiagiza iandike kwa lugha ya kawaida ya watu. Nilijaribu ili katibu aone mwenyewe. Ilileta hii: "Katikati ya pilikapilika za Kariakoo, ambako honi za daladala hukutana na harufu ya vitumbua, utamkuta fundi mmoja mwenye tabasamu lisilofifia." Ina rangi nyingi, lakini ukiitafuta habari ya Fulani ndani yake huipati, na hilo tabasamu nalo limetungwa. Chanzo ni kilekile cha kwanza: hakuna habari mpya iliyoingia, basi hakuna habari mpya inayoweza kutoka. Kwa dalili hii kuhariri hakutasaidia. Kunahitajika kwenda kwa mwenyewe.

Nilikwenda. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, cherehani ya mguu imelazwa ubavu mbele yake, na yeye anakwangua kitu cha rangi ya kahawia kilichoganda chini ya bamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu. Umeleta cherehani?"

Nilimweleza, nikamwomba ruhusa ya kurekodi kwa simu, kisha nikamwacha aendelee na kazi. Sikumwambia anieleze kuhusu yeye mwenyewe, kwa sababu mtu akiulizwa hivyo hujibu kwa lugha ya wasifu, naye atakupa "mimi ni fundi mwaminifu" bila kulazimishwa na mashine yoyote. Nilimuuliza mambo madogo yenye majibu mafupi: hiyo iliyoganda ni nini, nani alikufundisha, ni cherehani gani ukiletewa huipokei, mteja hukosea wapi kabla ya kuja kwako. Dakika kumi na tano zilitosha.

Iliyoganda yalikuwa ni mafuta ya kupikia. Mteja alikosa mafuta ya cherehani akatia ya kupikia, nayo kwa muda hukauka na kugeuka gundi, cherehani ikawa nzito, ikasimama. Alikuwa akiyalainisha kwa mafuta ya taa na kuyakwangua. "Hii ndiyo kazi yangu kubwa," alisema. "Nyingi ninazoletewa hazijafa. Nawaambia kila siku, cherehani si chapati, haitiwi mafuta ya kupikia." Kosa jingine linalomletea wateja ni sindano kuwekwa kinyume, upande wake bapa ukitazama pasipostahili, cherehani ikaanza kuruka mshono, na mwenyewe akadhani imeharibika.

Nilipomuuliza ameanza lini, alisema "kama miaka ishirini hivi". Idadi ya mviringo ni dalili kwamba mtu anakadiria, na kukadiria si kosa lake. Ni kazi ya mhariri kutafuta kigingi cha kuifungia. Watu hawakumbuki miaka, hukumbuka matukio. Niliuliza wakati ule mtoto wake alikuwa darasa la ngapi, hakukumbuka vizuri. Lakini alikumbuka kwamba pale barazani kwa mjomba wake aliyemfundisha kazi, katika miezi ya mwanzo, jirani alikuwa na televisheni na watu wakijaa kutazama Kombe la Dunia hata kazi hazifanyiki. Lile la Afrika Kusini? Hapana, lililotangulia. Lililotangulia lile la 2010 ni la Ujerumani, mwaka 2006. Kabla ya hapo, kumbe, alikuwa akishona sare za shule. Katika wasifu tuliandika "tangu mwaka 2006" na tukaachana na idadi ya miaka, kwa kuwa kijitabu hukaa kabatini, na idadi ya miaka huanza kuwa ya uongo mwaka unaofuata.

Alipoulizwa kwa nini aliacha kushona, alijibu bila kuinua kichwa: "Nilichoka kuambiwa njoo kesho." Kila aliyewahi kumpelekea fundi kitu katika mji huu anaijua hiyo kesho. Sentensi hiyo moja ilifanya kazi ambayo rasimu nzima haikuifanya, nayo haikutoka kwa mhariri mwenye kipaji, ilitoka kwa mwenyewe aliyeulizwa jambo dogo akiwa kazini.

Swali la vitu asivyovipokea nalilinda kuliko mengine. Fulani hagusi cherehani za kudarizi zinazoendeshwa kwa kompyuta. Huzipeleka kwa wenzake. Programu haiwezi kuandika sentensi kama hiyo bila kupewa, kwa sababu wasifu inazoziiga hujaa yale watu wanayoyaweza. Mipaka ya mtu ndiyo inayomfanya aaminike kwa yale anayoyadai, na msomaji mwenye cherehani ya kudarizi ameokolewa nauli.

Dalili ya tatu: habari ni sahihi, lakini Kiswahili kinasomeka kama kimevaa koti la kuazima

Sehemu kubwa ya maandishi ambayo programu hizi zimejifunzia ni ya Kiingereza, na wasifu ni aina ya maandishi yenye desturi nzito sana katika lugha hiyo. Matokeo yake ni Kiswahili ambacho kila neno ni letu, lakini mjengo wa sentensi umetoka nje. Nitataja mahali panapojirudia.

Pa kwanza ni sentensi inayofungua kwa "Akiwa na uzoefu wa". Kiswahili hupenda kuibeba habari ndani ya kitenzi, wala hakihitaji kumpa mtu "uzoefu" kama mzigo wa kushika mkononi. "Amekuwa akitengeneza cherehani tangu mwaka 2006" inasema mtu, kazi na muda, na uzoefu msomaji anauhesabu mwenyewe. Nikiona nomino inayotokana na kitenzi, kama uwezeshaji, utoaji, uletaji, naigeuza kuwa kitenzi, kisha nauliza ni nani alifanya na alimfanyia nani. Nusu ya mara jibu halipo, na sentensi inakwenda kapuni yenyewe.

Pa pili ni safari. Safari ya Fulani ni ya kutoka nyumbani hadi Kariakoo. Kazi yake ilianza, haikusafiri. Vivyo hivyo na "kutumia muda na familia": muda tunautumia kwa shughuli, na familia tunakaa nayo. Usemi huo hauvunji sarufi, ila hakuna mama wa Temeke atakayekueleza hivyo Jumapili yake ilivyokwenda.

Pa tatu ni sifa zinazotembea tatu tatu, "anayeaminika, mbunifu na mwenye kujali", na ndugu yake "si tu, bali pia". Zote ni mapambo ya mdundo. Sifa tatu zisizo na tukio hazilingani na tukio moja lisilo na sifa. Tulipoandika kwamba atawaonyesha akina mama mafuta yanayostahili, hatukuhitaji kusema anajali.

Jambo dogo la kitenzi, ambalo wahariri wengi hulipita: programu hupenda "ana-" kwa kila kitu, "anatengeneza, anafundisha, anafurahia", ambapo Kiswahili kina "hu-" kwa mambo ya mazoea. "Huzipeleka kwa wenzake" inaeleza desturi ya mtu; "anazipeleka kwa wenzake" yaweza kueleweka kwamba yuko njiani sasa hivi. Usibadilishe zote, kwa sababu "hu-" ikijaa ukurasa nayo huchosha, lakini mbili tatu mahali pake hurudisha sauti ya msimulizi.

Dalili ya nne: umerekebisha mno, na sasa mhusika anachekesha

Hii ni ya mhariri, si ya mashine. Nikiwa na rekodi yenye maneno matamu, rasimu yangu ya kwanza ilimnukuu Fulani mara nne na kuacha "mwanangu" na "si unajua" zote ndani. Ilimfanya aonekane kama kichekesho cha redioni. Mtu anayeongea akiwa kazini hakubali kuandikwa vivyo hivyo kwenye karatasi itakayosomwa na mgeni rasmi, na ana haki hiyo. Kwa wasifu wa maneno mia hivi, nukuu moja inatosha, mbili zikiwa fupi sana, na ziwe maneno aliyoyatamka kweli na yaliyomo kwenye rekodi. Mengine yaandikwe kwa Kiswahili sanifu cha nafsi ya tatu, kwa kutumia majina ya vitu anayoyatumia yeye. Yeye husema cherehani ya mguu; hatukuibadilisha iwe "mashine ya kushonea isiyotumia umeme".

Kama ungependa programu ikusaidie tena, wakati wake ni huu, baada ya kupata habari, wala si kabla. Andika mambo uliyoyathibitisha kwa sentensi fupi, kisha iagize waziwazi: "Panga habari hizi katika aya moja ya maneno mia. Usiongeze jambo lolote ambalo halimo. Usitumie sifa." Itaongeza tu, mara nyingi mwishoni, kwa hiyo linganisha sentensi moja moja na orodha yako. Kabla ya kuibandika orodha humo, toa namba ya simu, namba ya kitambulisho cha taifa na mahali anapoishi mtu. Kijitabu hakivihitaji, na tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kuvitawanya bila ridhaa ya mwenyewe si suala la adabu peke yake.

Kipimo cha mwisho: msomee

Usimtumie kwa Watsapu ukangoja jibu, maana atajibu "sawa mwanangu" bila kusoma. Msomee kwa sauti, polepole, ukimtazama. Mahali atakaponyamaza au kukunja uso ndipo penye kasoro, hata akisema hapana neno. Fulani alikunja uso mara mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenye "anashughulika na cherehani za aina zote mbili", neno langu mwenyewe la ofisini, akasema, "Sishughuliki nazo, nazitengeneza." Ya pili ilikuwa jina. Tuliandika majina yake matatu ya kitambulisho, naye akauliza ni nani atakayemtafuta kwa jina hilo, wakati mtaa mzima humwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Programu isingelijua hilo, na mimi nilipaswa kuuliza mapema. Habari za watoto na ndoa alisema zisiwemo, tukaziacha.

Kilichochapwa ni hiki:

"Bi. Fulani, anayefahamika zaidi kwa jina la Mama Fulani, amekuwa akitengeneza cherehani Kariakoo tangu mwaka 2006. Awali alikuwa mshonaji wa sare za shule. Alijifunza kazi hii kwa mjomba wake baada ya kuchoka kuambiwa 'njoo kesho' kila cherehani yake ilipoharibika. Hutengeneza cherehani za mguu na za umeme, isipokuwa zile za kudarizi zinazoendeshwa kwa kompyuta, ambazo huzipeleka kwa wenzake. Katika mafunzo haya ataonyesha namna ya kuweka sindano, kukaza na kulegeza uzi, na kutia mafuta yanayostahili, kwa kuwa, kama anavyowaambia wateja wake, 'cherehani si chapati, haitiwi mafuta ya kupikia.' Washiriki waje na cherehani zao."

Siku mbili baadaye katibu alirudi akitaka ufupi zaidi kwa ajili ya bango, maneno thelathini. Tulikata sentensi ya mjomba kwanza, kisha ya cherehani za kudarizi. Jina la mtaani, mwaka 2006, sindano na mafuta vilibaki, pamoja na agizo la kuja na cherehani.